Saa Nne Ziwe Dakika Tatu: Jinsi ya Kufupisha Video ya Hafla Bila Kupoteza Machozi Yake

Hafla imekwisha, maturubai yamekunjwa, viti vimerudishwa, na wewe umebaki na kadi ya kamera yenye rekodi ya karibu saa nne. Hata wiki haijaisha, kwenye kundi la WhatsApp wameanza kuuliza: video iko wapi? Saa nne hakuna atakayezitazama. Wanachotaka ni kipande kifupi cha kuwarudisha pale pale, kwenye cheko lile na kilio kile. Wengi hukiita hailaiti, kama zile za mpira. Tofauti ni kwamba kwenye mpira bao likiingia kila mtu ameliona. Kwenye hafla ya watu, bao linaweza kuwa mzee aliyenyamaza katikati ya sentensi, na usipokuwa makini utalikata ukidhani ni muda uliopotea.

Nitakueleza kazi yenyewe kwa mfano wa hafla moja niliyoifanyia video: kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Muheza, mkoani Tanga. Alifika hapo mwaka 1988 akaondoka mwaka 2024. Rekodi ilikuwa ya saa 3 na dakika 40, na kamati iliomba dakika tatu.

Kwanza, je, unahitaji nini na kwa gharama gani? Simu ya kawaida yenye nafasi inatosha. Programu za kuhariria, yaani za kukatia na kuunganishia vipande, ziko za bure. Kwenye simu wengi wanatumia CapCut. Baadhi ya vikorombwezo vyake vinalipiwa, lakini kukata, kuunganisha, kupandisha na kushusha sauti havihitaji malipo kwa kazi hii. Kwenye kompyuta kuna DaVinci Resolve na Kdenlive, nazo zina matoleo ya bure yasiyobandika nembo juu ya picha yako. Gharama yako halisi ni mahali pa kuhifadhi rekodi, bando la kutumia, na muda. Mimi kazi ile ilinichukua siku mbili na nusu, na karibu siku nzima ya kwanza sikukata kitu.

Kabla ya lolote, nakili rekodi yote sehemu mbili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, kisha fungua nakala zote mbili uhakikishe zinacheza. Simu ikirekodi kwa ubora wa 1080p inaweza kula megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea simu na mpangilio wake. Kwa hiyo rekodi kama ile yangu inafika gigabaiti 13 hadi 28, na kadi ndogo ikijaa mtu huingiwa na tamaa ya kufuta. Usifute. Usishangae pia ukikuta kamera imegawa hafla moja katika mafaili mengi, maana kamera nyingi huanza faili jipya pale la kwanza linapokaribia gigabaiti 4. Majina ya mafaili hayo yaache yalivyo, kwa sababu namba zake ndizo zinazokuonyesha lipi lilitangulia.

Sasa chukua daftari la kawaida na kalamu. Tazama rekodi yote mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Najua inachosha, lakini jicho geni unalo mara moja tu. Mara ya kwanza koo litakubana pale pale litakapombana mtazamaji. Ukirudia mara ya tano hutasikia chochote, utakuwa unaona mikono na vipaza sauti tu. Kwa hiyo kila unapocheka, unaposisimka au unapotamani kumwita mtu wa nyumbani aje aone, andika jina la faili, dakika na sekunde, na maneno machache ya kinachotokea. Weka nyota moja, mbili au tatu. Hotuba ndefu unaweza kuzipitisha kwa kasi ya moja na nusu, lakini mtu akianza kusitasita, rudisha kasi ya kawaida.

Kuna njia ya mkato ya kutafuta? Ipo nusu. Programu nyingi za kuhariri huweza kuchora sauti kama mlima na bonde kwenye ule mstari wa vipande ulioko chini ya skrini. Makofi na vigelegele vinaonekana kama milima mirefu, na ukienda moja kwa moja hapo utakuta shangwe. Lakini njia hiyo itakuletea furaha peke yake. Majonzi hukaa bondeni, ambako mchoro umelala karibu bapa kwa sababu watu wote wamenyamaza. Ukiona bonde katikati ya hotuba, sikiliza sekunde ishirini kabla yake na ishirini baada yake.

Daftari langu lilikuwa na alama 41, na zenye nyota tatu zilikuwa tatu tu. Ya kwanza, muuguzi aliyewahi kusoma pale alisimulia jinsi mwalimu alivyokwenda kwa baba yake kwa baiskeli mara tatu kumwombea aendelee na sekondari, kwa kuwa baba alikuwa amekataa. Ya pili, mwalimu mwenyewe akitoa neno la mwisho alikwama, na bibi mmoja kutoka kwenye viti vya nyuma akamwambia, "Pole, baba." Ya tatu, alipewa chuma agonge kengele ya shule, ile ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na watoto wakakimbilia mstarini kama asubuhi ya siku zote.

Dakika tatu hubeba vilele vitatu, si zaidi. Ukiweka sita, kila kimoja kitapata sekunde chache na hakuna kitakachomgusa mtu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua chozi peke yake. Wanamkata muuguzi pale anapojifuta macho, wanaunganisha na mwalimu akijifuta macho, wanaweka muziki wa huzuni, wanadhani kazi imekwisha. Mtazamaji ambaye hakuwepo anaona watu wanalia na hajui wanalilia nini. Kila kilele kinataka vitu vitatu: sababu, tukio lenyewe, na pumzi ya kutulia baadaye. Muuguzi alizungumza dakika tisa. Nilizipunguza hadi sekunde 40 kwa kubakiza sentensi nne: baba alikataa, mwalimu akaja na baiskeli, akaja tena na tena, "leo mimi ndiye ninayewadunga sindano wajukuu wake." Shukrani kwa meza kuu, salamu za hospitali na historia ya ukoo niliziacha. Chozi lilikuja lenyewe mwishoni, na mtu akaelewa.

Kukata hotuba kuna ufundi wake mdogo. Kata mwisho wa sentensi, mtu akishashusha sauti, kamwe usikate pumzi aliyoivuta kuanza nyingine. Kwenye CapCut unasogeza mstari wa vipande hadi pale unapotaka, unagusa kipande, unabonyeza "Split", kisha unagusa sehemu isiyohitajika na kubonyeza "Delete". Ukiunganisha sentensi mbili za mtu yuleyule, kichwa chake kitaruka kidogo kwenye picha, kana kwamba ameshtuka. Funika mruko huo kwa picha ya wasikilizaji: ongeza kipande chao kwa "Overlay", kikuze kijaze skrini, na uzime sauti yake, ili maneno ya msemaji yaendelee chini yake. Sekunde tatu zinatosha.

Kuwa mkweli na picha hizo za wasikilizaji. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alipata sifa kwa jaribio la kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha ya bakuli la supu, kisha na jeneza. Inaelezwa kwamba watazamaji waliona njaa mara ya kwanza na huzuni mara ya pili, ingawa uso haukubadilika. Nguvu hiyo iko mikononi mwako pia. Katika rekodi ile kulikuwa na mama akilia wakati wa wimbo wa wanafunzi. Ningemweka kwenye hotuba ya diwani, kijiji kizima kingeona kwamba alimlilia diwani. Uso wa kufunikia mruko utoe katika hotuba hiyohiyo, na uwe karibu na dakika hiyohiyo.

Nakuja kwenye ukimya, na hapa nilikosea mwenyewe. Mwalimu alisema, "Nilipofika hapa tulikuwa na vyumba viwili na walimu watatu..." akanyamaza. Alinyamaza sekunde tisa. Kwenye skrini, sekunde tisa za mtu aliyeinamisha kichwa ni ndefu sana, nami nikazipunguza hadi mbili. Nilipomwonyesha mwalimu wa taaluma wa shule ile, aliuliza, "Siku ile hapa sote tulilia. Mbona hapa hakuna kitu?" Nilirudisha sekunde zote tisa, pamoja na ile sauti ya mbali ya bibi ikisema "Pole, baba," ambayo wakati wa kukata niliiona kama kelele ya nyuma. Mahali pale pakapona. Bila ukimya, yale maneno mawili hayana pa kutua. Kama unabanwa na muda, punguza maandamano ya kuingia, punguza zawadi, ukimya uache.

Na kama picha ya tukio zito ni mbaya? Ya kengele ilitikisika, na kichwa cha kijana mmoja kilipita mbele. Niliibakiza. Walter Murch, mhariri wa filamu Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1995 aliorodhesha mambo sita ya kupima kabla ya kukata, na kati ya alama mia moja aliipa hisia 51, yaani zaidi ya mengine matano yakijumlishwa. Picha safi ya mwalimu akiwa amekaa haiwezi kuchukua nafasi ya picha inayotikisika ya mwalimu akigonga kengele yake.

Hivi ndivyo dakika tatu zile zilivyogawanyika. Sekunde 12 za mwanzo zilikuwa za kengele imetulia mwembeni, majani yanasikika, na maandishi ya jina la hafla na tarehe. Sekunde 23 zikafuata za kuingia kwa ngoma na wageni kuketi. Muuguzi akapata sekunde zake 40. Foleni ya zawadi, iliyochukua dakika 50 siku yenyewe, ikawa sekunde 15: mabati, vitenge, na mbuzi aliyekataa kutembea hadi akabebwa. Kipande hicho cha kucheka kiliwekwa pale kwa makusudi, kwa sababu moyo wa mtu ukivutwa mfululizo unachoka, na akishacheka yuko tayari kuguswa tena. Kisha mwalimu na ukimya wake, sekunde 35. Kengele na watoto wakikimbia, sekunde 35. Sekunde 20 za mwisho hazikuwa na hotuba: mwalimu anasindikizwa barabarani, watu wanaongea mambo yao.

Utaona kengele imeonekana mwanzo imetulia, na karibu na mwisho inagongwa. Tafuta kitu cha namna hiyo katika hafla yako: kiti kilichokuwa kitupu, bomba kabla ya maji kutoka, ufunguo wa zahanati mpya. Mtazamaji atakuwa amekwisha kukiona, kwa hiyo hutahitaji kumweleza.

Sauti ndiyo inayobeba hisia, kwa hiyo usiifunike. Kosa la kawaida ni kuweka wimbo mmoja mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho, vigelegele na vilio vyote vikazama. Mimi niliweka ala nyepesi kwenye kuingia na kwenye zawadi tu. Mtu anapozungumza, shusha muziki kwa "Volume" hadi kama sehemu moja kati ya kumi ya kiwango chake cha kawaida. Kwenye ukimya, uondoe kabisa. Kisha jaribu kuitanguliza sauti: kengele yangu ilianza kusikika wakati mwalimu bado yuko kwenye picha ya hotuba, sekunde moja kabla ya kuonekana. Kwenye CapCut unafanya hivyo kwa kugusa kipande, kubonyeza "Extract audio", kisha kuvuta ukingo wa mwanzo wa sauti hiyo nyuma kidogo, bila kuisogeza sauti yote. Midomo haitaachana na maneno mradi picha inabaki pale ilipokuwa na mwanzo wa sauti tu ndio unaorefushwa. Hakikisha kwa kutazama mdomo wa mtu wa kwanza anayesema baada ya hapo.

Kama utapandisha video kwenye YouTube au Facebook, jihadhari na nyimbo za wasanii. Mitandao hiyo hukagua sauti kwa mashine, na video inaweza kunyamazishwa, kuzuiwa, au matangazo yake yakamlipa mwenye wimbo. Tumia wimbo wa kwaya au ngoma ya hafla yenyewe, na uwaombe ruhusa walioimba. Kama kipaza sauti kilikoroma na maneno hayasikiki vizuri, yaandike chini ya picha kwa herufi kubwa, mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Wengi hufungua video kwenye daladala bila sauti, nao yatawafaa.

Utaulizwa: mbona mgeni rasmi hayumo? Swali hili hugombanisha watu, kwa hiyo limalize kabla ya kuanza. Niliiambia kamati kwamba kila mgeni wa meza kuu ataonekana mara moja, sekunde mbili au tatu, wakati wa kuketi, na hotuba kamili zitatolewa katika faili la pili kwa atakayezihitaji. Wakakubali. Katika kazi moja ya nyuma ambayo sikulifanya hili, nililazimishwa kurudisha hotuba dakika mbili nzima, na hailaiti ikafa.

Waulize pia waliolia. Mtu aliyelia mbele ya majirani zake hakukubali kulia mbele ya mtandao mzima. Nilimpigia muuguzi simu nikamsomea sentensi nne nilizozibakiza, akaridhia. Kwa watoto, zungumza na shule na wazazi, hasa kama uso wa mtoto mmoja unaonekana kwa karibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, mwenye chozi ndiye mwenye kauli.

Kabla ya kutoa, fanya majaribio mawili. Funga macho uisikilize yote: mahali sauti inaporuka au muziki unapomeza maneno utapajua mara moja. Kisha mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo, ukae pembeni umtazame yeye, usiitazame skrini. Akishika simu yake, hapo pana urefu usio na kazi. Akiuliza "huyu ni nani?", umesahau sababu.

Kutoa faili la mwisho ni kwa "Export". Kwa ajili ya WhatsApp chagua 720p. Ukubwa wa faili unakadiriwa hivi: kasi ya data kwa megabiti kila sekunde, mara idadi ya sekunde, gawanya kwa nane. Kwa megabiti 2 kila sekunde na video ya sekunde 180, unapata megabaiti 45. Ukitoa kwa megabiti 8, ni megabaiti 180, na likitumwa bila kubanwa kila mmoja kijijini atalazimika kutumia bando kiasi hicho ili aone dakika tatu. CapCut inaweza kukuongezea kipande chenye nembo yake mwishoni. Kiguse ukifute kabla ya kutoa. WhatsApp nayo hubana video ikitumwa kama video ya kawaida, kwa hiyo toleo zuri la kuhifadhi litume kama "Document", halitaguswa.

Miezi minane baada ya hafla ile, yule bibi aliyesema "Pole, baba" alifariki. Wajukuu zake walinijia wakiomba sauti yake. Kwenye hailaiti alikuwa na maneno mawili. Kwenye rekodi ndefu nilikuta dakika nne akicheza ngoma na wenzake wakati wa kuingia, akiimba na kuwarekebisha vijana waliokosea, nikawapa zote. Rekodi ndefu usiifute.